Saundibaa ya Mtumba Isiyo na Boksi: Ipi Uichukue, Ipi Uiache

Saundibaa za mtumba zinazouzwa Dar es Salaam mara nyingi huwekwa mezani bila boksi, bila rimoti na bila adapta, kwa hiyo mnunuzi hana budi kuitambua kila moja kwa wavu wake wa mbele, matundu ya nyuma na lebo ya chini. Nimezipanga hapa kwa kufuata gharama itakayokufuata nyumbani, wala si kwa wati zilizochapwa mbele kwa herufi kubwa.

Nafasi ya kwanza naipa ile inayopokea umeme wa ukutani moja kwa moja. Nyuma yake kuna tundu lenye umbo la namba nane, linaloingia waya wa redio wa kawaida, na lebo husomeka AC 100-240V ~ 50/60Hz. Hiyo itafanya kazi kwa volti 230 za Tanzania na volti 240 za Kenya bila kifaa kingine chochote. Ikiwa ina pia tundu lililoandikwa HDMI OUT (TV ARC), utahitaji kebo moja tu ya HDMI, ilimradi televisheni yako nayo iwe na tundu lenye neno ARC, kwa kuwa tundu la HDMI la kawaida hupokea picha na sauti lakini haliirudishi sauti kwenye spika. Televisheni isipokuwa nalo, tumia kebo ya optiki, ile ya tundu la mraba linalotoa mwanga mwekundu. Na sauti isiposikika, badilisha mpangilio wa sauti ya kidijitali kwenye televisheni uwe PCM kabla ya kuilaumu spika.

Ya pili ni inayotumia adapta ya nje, na hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Tuseme lebo inasomeka DC 24V na 2.5A. Zidisha namba hizo mbili upate wati 60, ambazo ndizo umeme wote unaoweza kuingia. Basi maandishi ya mbele yanayodai wati 300 yasikupandishie bei. Muuzaji akikupa adapta ya kompyuta ya volti 19, ikatae hata kama kichwa chake kinaingia, kwa sababu saundibaa inaweza isiwake, au ikawaka na kuzimika. Adapta ya volti 24 yenye ampea 1 nayo hudanganya: taa huwaka, wimbo huanza vizuri, kisha besi ikipiga kwa nguvu mashine hujizima na kuanza upya. Inayofaa ni ya volti 24 kamili yenye ampea 2.5 au zaidi, kwani ampea za ziada hazina madhara, ilhali volti za ziada huunguza. Linganisha pia mchoro wa kiduara chenye alama za kujumlisha na kutoa: alama iliyoungana na nukta ya katikati lazima iwe ileile kwenye spika na kwenye adapta. Tundu la USB usilihesabu kuwa njia ya umeme; kwa kawaida ni la flashi au la fundi.

Nafasi ya tatu inakwenda kwa spika zisizo na umeme wake, ambazo aghalabu zilitoka kwenye seti ya sinema ya nyumbani iliyogawanywa. Nyuma kuna vibanio viwili tu, chekundu na cheusi, na lebo haitaji volti bali omu, kwa mfano 4Ω. Ni spika nzima, lakini haitatoa sauti bila amplifaya iliyoandikwa kwamba inakubali omu hizo. Amplifaya ya kuanzia omu 8 itapata joto kupita kiasi. Hapa wavu unastahili kukaguliwa sana: mulika tochi ya simu uhesabu koni zilizomo, utazame kama kuna iliyobonyea au yenye ukingo uliochanika. Kwa saundibaa zote, ukiona wavu mwingine juu, huenda kuna koni zinazorusha sauti darini.

Ya mwisho ni yenye lebo ya AC 100V peke yake, iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani, au AC 120V kwa Marekani. Ukiichomeka ukutani kwetu, fyuzi au sehemu ya umeme inaweza kuungua papo hapo. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi wati za kwenye lebo, nami ningeinunua tu kama bei yake pamoja na transfoma bado iko chini ya ile ya kwanza.

Sabufa isiyo na waya ipime kando. Ina lebo yake na waya wake wa umeme, na kwa kawaida huungana na saundibaa za modeli zilizokusudiwa tu, kwa hiyo ziwashe zote mbili dukani na usubiri taa yake iache kumweta kabla hujalipa.