Seti ya fezi kontrasti: uzoefu wangu na mashapo ya mkojo

Hadubini yetu ya maabara ni ya kawaida, na seti hii, inayofanya vitu vinavyopenya mwanga vionekane bila kupakwa rangi, tuliinunua kama nyongeza: kondensa, yaani lenzi za chini ya slaidi zinazokusanya mwanga, yenye gurudumu la pete, lenzi za 10, 20 na 40, na darubini ndogo ya kulinganishia. Mimi naitumia zaidi kwenye mkojo, kwa sababu huko ndiko kazi yake inakoonekana wazi.

Aliyewahi kutafuta kasti za hailini anajua shida yake. Ni vipande vya protini vyenye umbo la mrija, vinavyotengenezwa ndani ya vijirija vya figo, na karibu vinafanana na maji. Kwa mwanga wa kawaida unapunguza taa, unafunga iris, kile kilango cha mwanga cha kondensa, unakodoa macho, na bado vinakupita. Kwa fezi kontrasti kasti ileile inatokea kijivu cheusi juu ya usuli wa kijivu, kingo zake sambamba zikionekana mpaka mwisho wake wa mviringo.

Seli na kasti hizi hazinyonyi mwanga, zinauchelewesha tu. Chukua ukingo mwembamba wa seli bapa, unene maikromita 2. Ndani yake mwanga unakwenda polepole kuliko kwenye mkojo. Tukikadiria tofauti ya vipeo vya mpindo, yaani vipimo vya jinsi kila kimoja kinavyopunguza mwendo wa mwanga, kuwa 0.02, mwanga huo unatoka nyuma kwa maikromita 0.04. Wimbi la mwanga wa kijani lina urefu wa maikromita 0.55 hivi, kwa hiyo uchelewaji ni kama sehemu moja ya kumi na nne ya wimbi. Jicho linatambua mwangaza na rangi, halitambui kuchelewa. Ndiyo maana seli ipo mbele yako na huioni.

Frits Zernike, Mholanzi wa Groningen aliyepata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 1953, aliutazama mwanga huo kama makundi mawili. Kuna unaopita moja kwa moja, ambao ni mwingi, na kuna kidogo kinachotawanywa na seli. Huo uliotawanywa uko nyuma ya wenzake kwa robo ya wimbi, na ukikutana nao katika hali hiyo mwangaza haubadiliki kiasi cha kuonekana. Lakini ukiusogeza mwanga wa moja kwa moja mbele kwa robo nyingine, tofauti inakuwa nusu ya wimbi: kilele cha huu kinakutana na bonde la ule, vinapunguzana, na seli inakuwa nyeusi kuliko usuli.

Kuyatenga makundi hayo ndiyo kazi ya pete. Pete ya kondensa inapitisha mwanga kwa umbo la duara, na nyuma ya lenzi mwanga wa moja kwa moja unaangukia pete ya pili, ile ya lenzi, wakati uliotawanywa unasambaa kila mahali. Pete hiyo ya pili inausogeza mbele ule wa moja kwa moja na pia inaufifisha, kwani bila kuufifisha ungeumeza ule mdogo.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea pete mbili kulaliana. Natoa lenzi ya macho, naweka darubini ndogo, nafokasi mpaka pete nyeupe na nyeusi zote ziwe kali, kisha nazungusha skrubu mbili za kondensa hadi nyeupe ikae yote ndani ya nyeusi. Zikiachana utajua mara moja: usuli unang'aa, seli zinaonekana kama zimemulikwa upande mmoja, na kasti zinapotea. Iris nayo iachwe wazi kabisa, maana ukiifunga inakata pete. Alama ya pete ya kondensa na ya lenzi lazima zilingane: kwetu 10 na 20 zinatumia Ph1, 40 inatumia Ph2.

Kasoro ipo, na haiondoki. Kila seli ina mzingo mweupe unaong'aa, kwa sababu sehemu ya mwanga uliotawanywa nayo inapita kwenye pete. Sipimi upana wa seli kwenye mzingo huo. Mashapo yakiwa mazito, seli zimepandana, picha inachafuka. Napunguza tone na kuweka kioo cha kufunikia vizuri. Slaidi zilizopakwa rangi, za Gram au Giemsa, zinabaki kwenye mwanga wa kawaida, maana rangi tayari inanyonya mwanga.

Malalamiko yangu ni taa: balbu ya halojeni ya hadubini yetu inaelemewa kwenye 40, kwani pete zinakula mwanga mwingi. Kwa anayepima mkojo kila siku, naipendekeza seti hii bila kusita. Kabla ya kulipa, fungua boksi uhakikishe darubini ya kulinganishia imo, na kondensa inaingia kwenye kishikio cha hadubini yako.