Shangazi aliogopa kuki, akaruhusu anwani: uzoefu wangu na skrini za aplikesheni ya mkopo

Nyota mbili kati ya tano. Jina la aplikesheni silitaji, kwa sababu ninachokipima hapa ni zile skrini zake za "kubali", na skrini za namna ile ziko kwenye aplikesheni nyingi za mikopo ya haraka. Simu yenyewe si yangu. Ni ya shangazi yangu, anauza vitenge Tanga mjini, mimi niko Morogoro, na kila simu inapomuuliza swali asilolielewa anapiga picha ya skrini ananitumia WhatsApp. Mimi nazungushia duara jekundu, naandika mshale, namrudishia. Ndiyo kazi yangu katika ukoo, hailipwi.

Siku ile zilikuja picha tano kwa mpigo, na chini yake maneno: "Baba, hii ya kwanza nimeiogopa, sijabonyeza. Hizo nyingine nimeshamaliza."

Hiyo ya kwanza ilikuwa tovuti ya kampuni yenyewe, imefunguka kwenye kivinjari. Chini pametokea ubao: "Tunatumia vidakuzi kuboresha huduma zetu." Kitufe kikubwa cha kijani, "Kubali zote". Pembeni yake, kwa maandishi ya kijivu yanayokaribia kupotea, "Mipangilio". Shangazi alisoma "vidakuzi" akadhani kuna kitu kinataka kudukua simu, na kwa jina lile simlaumu. Watu wengi wanaziita kuki, basi nami naziita kuki.

Nilimweleza hivi. Kuki ni kipande kidogo cha maandishi ambacho tovuti inakiacha ndani ya kivinjari chako ili ukirudi ikutambue. Kuna kuki inayokumbuka kwamba umeshaingia kwa namba yako ya siri, bila hiyo ungekuwa unaingia upya kila ukifungua ukurasa. Kuna nyingine ni ya kampuni ya matangazo, ambayo imejipachika kwenye tovuti nyingi tofauti, kwa hiyo inaona kivinjari kilekile kikitoka tovuti ya mikopo kwenda ya habari kwenda ya mapishi. Ndiyo maana ukitafuta mkopo leo, wiki nzima unakutana na matangazo ya mikopo. Ni kero. Lakini kwa kubonyeza "Kubali zote" pale, hakuna anayepata majina yaliyo kwenye simu yako wala meseji zako. Na ukijuta, unafuta kuki kwenye mipangilio ya kivinjari, kesho tovuti inakuona mgeni.

Picha haikuonyesha kilicho nyuma ya "Mipangilio", ikabidi nifungue tovuti mwenyewe. Mistari minne: muhimu, takwimu, mapendeleo, matangazo. Ule wa muhimu hauzimiki, sawa. Mitatu iliyobaki ilikuwa imeshawashwa tayari, kana kwamba umekubali kabla hujaulizwa. Ulaya mchezo huu ulipelekwa mahakamani, na tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema kisanduku kilichotiwa tiki mapema si ridhaa. Kwetu nikamwambia tu azime mitatu ahifadhi chaguo lake. Kwa kitufe kile cha kijivu naondoa nusu nyota, zaidi ya hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni picha ya pili na ya tatu.

Ya pili ilikuwa nzuri kuitazama. Rangi za kampuni, katuni ya mama anatabasamu kashika noti, na maneno: "Ili tukupe mkopo ndani ya dakika tano, tunahitaji ruhusa zifuatazo." Kila ruhusa ina kialama chake na maelezo matamu kando. Ya anwani iliandikwa "kwa ajili ya kuhakiki utambulisho wako". Chini kitufe kimoja tu: "Nakubali". Cha kukataa hakuna.

Ya tatu haikuwa na katuni. Nyuma giza, katikati kijisanduku cheupe, juu yake kialama kidogo, kisha swali fupi kwamba aplikesheni inaomba kufikia "anwani zako", na majibu mawili yamepangana: "Ruhusu" na "Usiruhusu".

Hapo ndipo palipo na siri ya kusoma picha hizi, na nadhani wengi hawajaambiwa. Skrini ya pili imeandikwa na wenye aplikesheni. Wanaweza kuandika chochote, hata uongo, na ukibonyeza "Nakubali" pale, simu bado haijafungua mlango wowote. Skrini ya tatu imeandikwa na simu yenyewe, na mwenye aplikesheni hawezi kubadilisha maneno yake wala kuondoa jibu la "Usiruhusu". Mlango unafunguka hapo tu. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015 simu inauliza hivi, ruhusa mojamoja, wakati aplikesheni inapoihitaji. Kwa hiyo mtu akinitumia picha, swali langu la kwanza ni: anayesema hapa ni nani, kampuni au simu? Katuni, rangi na sababu tamu, hiyo ni kampuni. Kijisanduku kikavu kisicho na "ili tukupe", hiyo ni simu. Na kama imekuja picha moja tu, naomba na ile iliyotangulia, maana bila hiyo sijui mtu ameahidiwa nini kabla ya kuulizwa.

Tatizo ni lile neno. Nilimpigia.

"Shikamoo shangazi. Pale kwenye anwani umebonyeza nini?"

"Marahaba baba. Nimeruhusu. Si wanataka kujua nakaa wapi? Watu wa mkopo lazima wajue unakaa wapi."

Nilinyamaza kidogo. Mtu aliyesoma Kiswahili sanifu darasani, anwani ni S.L.P., ni mtaa, ni namba ya nyumba. Kwenye simu iliyowekwa Kiswahili, anwani ni kile kitabu cha majina na namba za watu wako wote. Shangazi alidhani anatoa Ngamiani, kumbe ametoa watu mia tatu na kitu: wateja wake, mwenyekiti wa kikoba, mwalimu wa madrasa ya wajukuu, na fundi wa choo. Ukikutana na neno hilo kwenye kijisanduku cha simu, lisome "namba za watu wangu", kisha ujiulize upya.

Picha ya nne iliomba kutuma na kuangalia SMS, naye karuhusu. Hapa niwe mkweli, mkopeshaji ana sababu yake. Meseji za pesa za simu zinaonyesha umeingiza kiasi gani, umetoa kiasi gani na umebaki na nini, naye anapima humo kama utalipa. Ubaya ni kwamba ruhusa hii haikatiki vipande. Huwezi kusema soma za pesa tu. Ukiifungua, inasoma na meseji ya mwanao, na ile ya benki yenye namba ya kuthibitisha. Ya tano ilikuwa mahali ulipo, na hiyo alibonyeza "Wakati huu tu", jibu lililokuja na Android 11. Nikampongeza. Akasema kalichagua kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu na kidole.

Sasa kwa nini niliogopa anwani kuliko vyote? Kwa sababu duka la Google Play lina sharti, tangu tarehe 31 Mei 2023, kwamba aplikesheni za mikopo ya watu binafsi haziruhusiwi kuomba anwani, picha wala mahali hasa ulipo. Aplikesheni ya mkopo ikiomba anwani, basi ama inavunja sharti hilo, ama haikutoka dukani. Nikamuuliza kaipata wapi. Aliletewa kiungo kwenye kundi la WhatsApp, akapakua faili la APK, lile la kuweka aplikesheni kwenye simu bila kupitia dukani. Sharti la duka halimfikii aliyepita uani.

Tukaziondoa zile ruhusa pamoja kwenye simu: Mipangilio, Programu, jina la aplikesheni, Ruhusa, Anwani, kisha "Usiruhusu". SMS vilevile. Alipoifungua tena ikarudi na katuni yake ikiomba upya. Akakataa mara mbili. Kuanzia Android 11, ukikataa ruhusa ileile mara mbili simu haileti tena kile kijisanduku, kwa hiyo kilichobaki ni ukurasa wa kampuni ukimwambia aende mwenyewe kwenye mipangilio akawashe, la sivyo haendelei. Hiyo nayo ni dalili ninayoitafuta siku hizi. Aplikesheni ya ramani ukiinyima anwani inaendelea kukuonyesha njia. Hii ilijifunga kabisa, na mkopo wa shilingi 150,000 ulikuwa umeshaingia siku ileile.

Kuna kitu kitufe cha "Usiruhusu" hakifanyi, na nilijua wakati tunakibonyeza. Kinazuia kusoma kuanzia sasa. Kilichokwisha kunakiliwa kipo kwao. Kati ya picha ya tatu na simu yangu yalipita masaa manne hivi, na orodha ya majina mia tatu haihitaji hata dakika moja kuondoka.

Alichelewa kulipa siku mbili. Mteja wake wa Muheza akapata meseji kwamba mama huyu ni mdaiwa sugu na yeye ni mdhamini wake. Mwenyekiti wa kikoba naye akapata. Shangazi alilipa siku hiyohiyo kwa aibu, pamoja na riba ambayo sitaki kuitaja.

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tume yake inapokea malalamiko. Tulipeleka picha zile tano pamoja na picha za meseji zilizowafikia watu. Hapo ndipo nilipofurahi kwamba shangazi hupiga picha kila kitu, kwa sababu picha ya pili inaonyesha walisema anwani ni za kuhakiki utambulisho, na meseji ya Muheza inaonyesha walizitumia kudai. Bila picha ya pili angebaki kusema tu. Na kabla ya kukopa popote, kuna orodha ya aplikesheni 69 zisizo na leseni ambayo Benki Kuu ilitoa Novemba 2024. Ni vizuri kuipitia, ingawa kiungo kipya kinaweza kuja na jina jipya.

Jambo moja kwa wanaotumiana picha hizi kama sisi: kata juu na chini kabla ya kutuma. Picha ya nne ya shangazi ilikuwa na arifa juu yake, meseji ya salio lake lote, na alinitumia kupitia kundi la familia.

Nyota mbili nimetoa kwa sababu pesa kweli iliingia ndani ya dakika tano, na tovuti yao inakubali ukizima kuki. Nilimshauri shangazi aiweke simu yake Kiingereza kama neno lile linamchanganya. Amekataa, anasema yeye atabaki na Kiswahili chake, ila sasa kila akiona anwani ananipigia kwanza. Mteja wa Muheza bado hajaja kuchukua vitenge vyake viwili alivyoweka oda.