Chevening au EPOS: ipi ikae juu kwenye jedwali lako?

Chevening, ufadhili wa masomo wa Uingereza, hutoa tarehe moja ya mwisho kwa waombaji wote wa msimu, hivyo mstari mmoja kwenye jedwali lako la kufuatilia maombi unatosha. EPOS, ufadhili wa shirika la DAAD la Ujerumani, inasumbua zaidi, maana kila kozi ina tarehe yake na maombi huenda chuoni moja kwa moja. Ukiomba kozi tatu, fungua mistari mitatu. Ukiandika "DAAD" tu, ile inayofungwa mapema itakupita.

Masharti yanafanana juu juu. Zote zinadai uzoefu wa kazi wa miaka miwili, ila Chevening huuhesabu kwa saa, 2,800, wakati EPOS hutaka pia shahada ya mwisho isiwe, kwa kawaida, na zaidi ya miaka sita. Kwa hiyo ongeza safu ya "sifa inaisha lini". Aliyehitimu Novemba 2020 ataona EPOS ikimponyoka mwishoni mwa 2026, ilhali Chevening bado ipo. Huyo mimi ningemwambia aanze na EPOS, na barua ya mwajiri aiombe leo. Maofisini barua hukaa.