Chuma cha pulapu: kipi ununue kulingana na mshiko unaoutaka

Anayetafuta chuma cha pulapu kwa kawaida huuliza mambo mawili: kinabeba kilo ngapi, na kinagharimu kiasi gani. Ni maswali ya lazima, lakini hayakuambii kazi itaangukia msuli upi ukishaning'inia. Hilo huamuliwa na mambo matatu ya chuma chenyewe: kinakuruhusu kugeuza viganja kwa namna ngapi, unene wake ni upi, na upana wake ni upi. Nimeyataja kwa mpangilio huo makusudi. Upana ndio unaosifiwa zaidi na wauzaji, na mimi ningeulipia mwisho.

Viganja vinatazama wapi

Msuli mpana wa mgongo, ule ambao wengi wanauita mbawa, unaanzia kwenye uti wa mgongo na ukingo wa nyonga, unapita ubavuni na kuishia kwenye mfupa wa mkono wa juu, karibu na kwapa. Hauvuki kiwiko. Kwa hiyo kugeuza kiganja hakuubadilishii mambo mengi: kila unapojivuta, kazi yake ni kuushusha mkono wa juu kuelekea ubavuni, na unaifanya kwa mshiko wowote. Kinachobadilika ni msaada unaoupata kutoka kwa misuli inayokunja kiwiko.

Baisepsi inavuka kiwiko na kushika mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba. Mfupa huo ndio unaozunguka unapogeuza kiganja. Viganja vikikutazama usoni, kano ya baisepsi imenyooka na inavuta kwa nguvu yake yote. Viganja vikitazama mbele, mfupa unazunguka, kano inajiviringisha juu yake, na baisepsi inapoteza sehemu ya nguvu. Unaweza kulihakiki hili ukiwa umekaa. Kunja kiwiko hadi pembe ya digrii 90, kiganja kikitazama juu, na kwa mkono wa pili ishike baisepsi. Sasa geuza kiganja kitazame chini bila kukikunjua kiwiko. Utaihisi ikilegea mkononi mwako.

Kazi hiyo iliyoachwa na baisepsi haipotei. Inachukuliwa na msuli ulio chini yake, ambao umeshika mfupa wa pili wa kigasha usiozunguka, na ule msuli mnene wa juu ya kigasha unaotokea karibu na kiwiko upande wa gumba. Ndiyo maana mshiko wa viganja mbele huchosha vigasha mapema, na watu wengi hufikisha marudio machache kuliko viganja vikiwatazama. Mshiko wa tatu ni wa viganja kutazamana, kama unavyoshika mpini wa toroli. Hapo msuli huo wa kigasha uko mahali pake pazuri kabisa, baisepsi nayo inasaidia vya kutosha, na kifundo cha mkono hakisokotwi. Ndio mshiko ambao viwiko huulalamikia kidogo kuliko yote, na ndio ambao vyuma vingi vya bei nafuu havina.

Kwa mnunuzi maana yake ni hii: chuma chenye mishiko mitatu kinakupa njia tatu za kugawa mzigo, hata kama ni kifupi. Chuma kirefu kilichonyooka kinakupa mbili tu.

Upana

Dai maarufu ni kwamba ukishika mbali zaidi unajenga mbawa pana zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Norwei walilipima kwa mashine ya kuvuta chuma kutoka juu, wakilinganisha upana unaolingana na mabega, mara moja na nusu yake, na mara mbili yake. Mbawa zilifanya kazi karibu sawasawa katika hali zote tatu, ila uzito uliovutwa ulipungua kwenye mshiko mpana kuliko yote. Mashine si sawa na kuubeba mwili wako, lakini sababu inaeleweka. Ukishika mbali, kiwiko kinakunjika kidogo, baisepsi inasaidia kwa safari fupi, na mwili wenyewe unapanda umbali mdogo. Unasikia ugumu mwingi mgongoni kwa sababu umenyimwa msaada, wala si kwa sababu mbawa zimeongezewa kazi kubwa. Mshiko mwembamba, mikono karibu karibu, unafanya kinyume: kiwiko kinakunjika sana, na mikono inachukua sehemu yake kamili.

Tufanye hesabu. Mtu ana sentimita 40 kutoka ncha ya mfupa wa bega moja hadi ya pili. Mara moja na nusu ni sentimita 60, mara mbili ni 80. Hizo 60 ndizo ninazompendekezea kama mshiko mkuu wa viganja mbele. Zaidi ya 80 ni mahali ambapo mabega huanza kubanwa mkono ukiwa juu; dalili yake ni maumivu makali mbele au juu ya bega katikati ya safari. Basi chuma chenye nafasi ya kushikia ya sentimita 80 kinamtosha kabisa. Mita moja na nusu ni ya kuning'inizia nguo.

Unene, ambao wauzaji hawautaji

Chuma kikiwa na unene wa milimita 28 hadi 34, vidole vya mtu mzima hukizunguka na gumba hulifunga duara. Kikifika milimita 48, kiganja hakifungi. Mkunjo wa vidole hubebwa na misuli ya ndani ya kigasha, na hiyo ndiyo itakayochoka kwanza, huku mbawa bado zina nguvu ya marudio kadhaa. Anayetaka vigasha na nguvu ya kushika atapenda chuma kinene. Anayetaka mgongo atakuwa amenunua kizuizi. Ili kujua uko wapi, angalia kilichokutoa kwenye chuma. Vidole vikifunguka wakati mgongo haujachoka, chuma ni kinene kwa mkono wako, au kina sponji. Mkanda wa sponji unaosifiwa kuwa ni starehe unaongeza milimita kadhaa kila upande, kisha unazunguka ukilowa jasho. Mimi huukata siku ya kwanza.

Mpangilio wangu

*Cha kwanza: chuma cha kutengenezewa na fundi wa kuchomelea.* Mwenye uwanja, hata mdogo, asitafute kingine. Bomba la maji lenye zinki linaloitwa la inchi moja lina unene wa nje wa milimita 33.7, kwa sababu jina linafuata tundu la ndani na si nje. Hilo ndilo la kushika. Mtu akikuambia uchukue la inchi moja na nusu kwa ajili ya uimara, kumbuka unene wake wa nje ni milimita 48.3, na umeshajua litakachofanya. Kwa nguzo chukua bomba moja la inchi mbili la mita 6 na ulikate katikati. Kila nguzo ya mita 3 ichimbiwe sentimita 70 kwenye zege, ibaki mita 2.3 juu. Chuma cha kushika kiwe mita 1.2, bomba la daraja la kati lenye ukuta wa milimita 3.2, jembamba la daraja jepesi hupinda taratibu.

Kisha mwambie fundi achomelee vishikio viwili vya bomba hilohilo, kila kimoja sentimita 15, vikielekea mbele kutoka kwenye chuma, umbali kati yao uwe sawa na mabega yako. Hivyo ndivyo unavyopata viganja vinavyotazamana. Sehemu za kuchomelea zikwanguliwe zinki kwanza, na fundi afanyie kazi mahali penye upepo, kwa sababu moshi wa zinki iliyoungua humletea mtu homa na kutetemeka usiku huohuo. Baada ya hapo sehemu hizo zipakwe rangi ya kuzuia kutu, maana zinki imeshaondoka pale.

*Cha pili: pete mbili za mazoezi na mikanda yake.* Kwa anayeishi chumba cha kupanga, na ana boriti imara au tawi nene la mti karibu, hiki kinaweza kuwa cha kwanza. Pete inazunguka yenyewe: unaanza chini viganja vikitazama mbele, unamalizia juu vikikutazama, na kiwiko kinajichagulia njia. Aliyewahi kupata maumivu kwenye kifupa cha ndani cha kiwiko, yale yanayochoma unapominya kitu, atafarijika sana hapa, kwani chanzo chake mara nyingi ni viganja kukutazama kwenye chuma kilichonyooka, wiki baada ya wiki. Chagua pete za mbao zenye unene wa milimita 28 au 32. Kasoro yake ni mtikisiko: mwanzoni nguvu nyingi itaishia kwenye kutulia.

*Cha tatu: chuma cha kufunga ukutani.* Ubora wake wote unategemea ukuta. Kwenye matofali yenye matundu ndani, bolti hushika ganda jembamba tu, na hung'oka pamoja nalo. Funga kwenye lenta ya zege au usinunue. Pia pima umbali kutoka ukutani: chini ya sentimita 50, magoti na kifua vitakulazimisha kujivuta kwa mwili uliopinda.

*Cha nne: chuma cha kubana ndani ya mlango.* Mlango wa sentimita 90, fremu ikitolewa, unakuachia takriban 80, na ukiondoa nafasi ya mikono kutogusa fremu unabaki na kama 70. Kwa yule wa mabega ya sentimita 40, bado anapata 60 zake. Kinachokosekana ni viganja kutazamana, na marefu: utajivuta magoti yamekunjwa. Nunua chenye vikombe vya kufungwa kwa skrubu kwenye fremu ya mbao ngumu. Kile kinachotegemea msuguano peke yake hulegea kila unapokizungusha kwa kubadili mshiko.

*Cha tano: kile cha kuning'iniza juu ya mlango, chenye vishikio vingi.* Kwenye picha ndicho bora, kwa kuwa mishiko yote mitatu ipo. Lakini kinategemea ukingo wa mbao uliotokeza juu ya mlango, upande wa pili wa ukuta, na nyumba zetu nyingi za matofali hazina ukingo huo, au zina ubao mwembamba uliopigiliwa misumari miwili. Kabla hujalipa, weka vidole juu ya fremu ya mlango wako. Ukikosa sentimita moja na nusu ya mbao imara ya kukalia, rudi kwa fundi.