Uzoefu wangu na Healing Brush ya Photoshop: kusafisha shavu zima bila vinyweleo kujirudia

Kuondoa chunusi moja moja si kazi, zana yoyote inakutosha. Healing Brush, brashi inayonakili ngozi safi kutoka chanzo unachokichagua na kuilinganisha rangi na pale unapoibandika, naipima kwenye shavu ambalo karibu lote lina makovu, na picha inakwenda kuchapwa kubwa. Hapo inaizidi Patch Tool na Spot Healing Brush kwa mbali, lakini ukiiacha na mipangilio inayokuja nayo itakutolea shavu lenye vinyweleo, yaani vile vitundu vya ngozi, vilivyojipanga kama nakshi za khanga.

Nitaieleza kwa picha ya aina tunayoipata sana hapa Tanga: bibi harusi kapigwa Raskazone jioni, jua linatoka kushoto, faili ina pikseli 4000 kwa 6000, na familia inataka ichapwe sentimita 60 kwa 90 itundikwe sebuleni. Kwa kipimo hicho kila pikseli inakuwa milimita 0.15 ukutani. Eneo lenye makovu lina upana wa pikseli 700 na urefu wa 900, yaani karibu sentimita 10 kwa 13 kwenye chapa. Alama inayojirudia kila baada ya pikseli 200 itaonekana kila baada ya sentimita tatu, na mgeni aliyekaa kwenye kochi ataiona.

Kabla ya kushika brashi, tenganisha doa na kovu. Kwenye ngozi zetu nyeusi na za maji ya kunde, chunusi iliyopona mara nyingi huacha weusi tu, huku vinyweleo vyenyewe viko salama. Weusi huo haustahili Healing Brush. Nauinua kwa leya ya Curves yenye mask, brashi laini, Flow ya chini, hadi ulingane na ngozi ya jirani. Ukifanya hivyo kwanza, eneo la kuziba linapungua sana, pengine kwa nusu, na vinyweleo vya asili vinavyobaki ndivyo vinavyovunja mfuatano wa vile utakavyopandikiza.

Sasa mipangilio. Natengeneza leya tupu juu ya picha, kisha Sample naiweka Current & Below. Hardness naiweka 80 hivi, na Diffusion 2 au 3, kwa sababu thamani ndogo inafaa penye chembechembe na mikunjo midogo. Wengi hupenda brashi laini wakidhani itaficha mpaka. Kwa ngozi inaharibu. Pale ukingoni ngozi mbili tofauti zinachanganywa nusu kwa nusu, na mchanganyiko huo hupoteza karibu theluthi ya ukali wa vinyweleo. Matokeo yake ni pete ya ukungu kuzunguka kila ulipopita.

Kinachozaa kujirudia hasa ni kile kisanduku cha Aligned. Ukiizima, kila ukibonyeza upya brashi inaanza tena pale pale ulipochukulia sampuli, kwa hiyo vinyweleo vile vile vinapigwa muhuri mara kumi. Ukiiwasha, umbali kati ya chanzo na brashi haubadiliki, na hapo kuna mtego wa pili. Tuseme chanzo kiko pikseli 200 kulia, na wewe unasogea kushoto, mkupuo baada ya mkupuo. Baada ya pikseli 200 chanzo kinaingia kwenye ngozi uliyoibandika muda si mrefu. Unaanza kunakili nakala, na kikundi kile kile cha vinyweleo kinatokea mara tatu ndani ya pikseli 700. Mimi naiwasha Aligned, lakini sipigi hata mikupuo mitano bila kubadilisha chanzo.

Dirisha la Clone Source ndilo linalonifanya niing'ang'anie zana hii. Lipo kwenye menyu ya Window, linahifadhi vyanzo vitano kwa wakati mmoja, na kila kimoja unaweza kukigeuza kwa nyuzi au kukikuza kidogo. Kwa bibi harusi wetu nachagua chini ya kona ya nje ya jicho, pembeni karibu na sikio, juu kidogo ya taya, na sehemu mbili safi katikati ya makovu. Kila chanzo kinaziba eneo linalofanana nacho. Vinyweleo vya karibu na pua ni vikubwa, vya karibu na sikio ni vidogo na vina malaika. Tena ukali wa lenzi unapungua kadiri unavyoelekea sikioni. Ukichukua ngozi kali ya mbele ukaiweka kule nyuma, itaonekana imebandikwa hata kama rangi imekubali.

Kugeuza kuna mpaka wake. Kila kinyweleo ni kishimo, upande mmoja kina kivuli na upande mwingine kina mng'ao, kufuata jua. Nageuza nyuzi 10 hadi 15, kushoto au kulia, basi. Ukifika 90 kivuli kinakaa juu au chini wakati jua liko ubavuni, na ngozi inaonekana ina vipele. Ndiyo maana shavu la pili ukilipindua kama kioo halifai mwanga ukitoka upande mmoja.

Halafu angalia chanzo chenyewe kwa makini. Jicho halikamati vinyweleo vya kawaida vikirudiwa. Linakamata alama: kidoa, unywele uliolala, kinyweleo kimoja kinachong'aa kuliko wenzake. Nazifuta alama hizo kwenye chanzo kwanza, ndipo nachukua sampuli. Brashi ni ya pikseli 60 hadi 90, mikupuo mifupi isiyofuata mstari, na naacha visiwa vya ngozi ya asili kila ninapoweza.

Penye ukingo mweusi, kama tundu la pua au nywele za kipaji, brashi inavuta weusi na kuusambaza shavuni, kwa sababu inasoma rangi ya kando ili kulinganisha. Zungushia Lasso kwanza, mstari ufuate ukingo huo hasa, kisha ziba ndani yake. Weusi hautaingia.

Kujirudia hakuonekani ukiwa umekuza asilimia 100, maana kioo cha kompyuta kinaonyesha kipande tu cha shavu. Nafungua dirisha la pili la picha ile ile kupitia Window, Arrange, New Window, naliacha kwenye asilimia 33 muda wote. Mwishoni naunganisha leya zote kwenye nakala moja juu, naipiga High Pass ya Radius 3 au 4, naitazama ikiwa ya kijivu. Rangi ya ngozi ikishaondoka, vikundi pacha vinajitokeza vyenyewe. Nikiona pacha, nachagua mmoja tu, namziba kwa chanzo cha mbali, kisha naifuta leya ya kijivu.

Kuna shavu ambalo halina hata kipande safi cha upana wa pikseli 80. Hapo mimi hufungua picha nyingine ya dakika zile zile, uso ukiwa umeelekea vile vile, na kuchukulia sampuli humo. Healing Brush inakubali chanzo kutoka faili nyingine mradi zote ziwe na mfumo mmoja wa rangi, kama RGB. Kichwa kikiwa kimeinama zaidi kwa nyuzi nane, andika nyuzi hizo kwenye Clone Source. Usichukue faili iliyokwisha pigwa Sharpen: vinyweleo vyake vina mstari mweupe pembeni, na ukiichapa sentimita 90 mstari huo ndio wa kwanza kuonekana.