ERPNext kwenye duka la vifaa vya ujenzi: uzoefu wangu kuanzia oda ya saruji hadi ankara ya msambazaji

Duka letu liko Morogoro, tunauza saruji, nondo, mabati na rangi kwa jumla na rejareja. Manunuzi yote tunayaendesha kwa ERPNext, programu huria ambayo unaweza kuiweka kwenye seva yako bila kulipia leseni. Nitazungumzia kipande kimoja tu cha programu hii, yaani safari ya mzigo tangu bidhaa inapokaribia kuisha stoo hadi msambazaji anapolipwa. Hapo ndipo pesa ya duka kama letu huvuja, na hapo ndipo nimeona programu inasaidia nini na inakuachia nini ukifanye mwenyewe.

Nianze na tahadhari ya kuagiza. Kwenye kila bidhaa unaweka viwango viwili: bakaa ikifika ngapi oda ianze, na uagize kiasi gani. Saruji tunauza kama mifuko 40 kwa siku, na mzigo kwa kawaida hufika siku ya tano baada ya oda. Hiyo ni mifuko 200. Tukaongeza mifuko 120 ya siku tatu, kwa sababu lori huchelewa na mvua zikinyesha huchelewa zaidi, tukapata 320. Kiasi cha kuagiza ni mifuko 600, ambayo kwa mfuko wa kilo 50 ni tani 30, semi moja inayojaa. Kuagiza pungufu ya hapo ni kulipia nauli ya nafasi tupu.

Kilichonifurahisha ni kwamba programu haiangalii mifuko iliyopo stoo peke yake. Inaangalia kinachoitwa `Projected Qty`: iliyopo, ukijumlisha iliyokwisha kuombwa na kuagizwa, ukitoa ile ambayo wateja wameshawekewa. Kwa hiyo stoo ikiwa na mifuko 400, na fundi ameshaagiza 100 ambayo hajaja kuichukua, programu inahesabu 300 na kutoa ombi. Vilevile mifuko 600 ikiwa njiani, hairudii kuomba kesho yake. Ombi, `Material Request`, linajitengeneza lenyewe mara moja kwa siku, si papo hapo bidhaa inapouzwa. Mteja mkubwa akibeba mifuko 250 saa nne asubuhi, usingoje mfumo uamke. Toa ombi kwa mkono.

Kutoka kwenye ombi unabonyeza na kupata LPO, yaani hati ya oda yenye bei mliyokubaliana, unaituma kwa msambazaji kama PDF. Hatua hii haina shida, naipita.

Sasa mzigo umefika. Ukifungua `Purchase Receipt` kutoka kwenye LPO, programu inakujazia idadi iliyobaki kwenye oda: 600. Ni msaada kwa mwenye haraka, lakini ni hatari kwa mwenye duka. Mtunza stoo akibonyeza `Submit` bila kugusa kitu, umepata hati ya mapokezi ambayo haijahesabu hata mfuko mmoja. Ni nakala ya LPO iliyovaa jina jingine. Kwetu mtunza stoo anahesabu kwanza kwenye daftari huku mifuko ikishuka, mstari kwa mstari, ndipo anakwenda kwenye kompyuta. Na hasaini karatasi ya dereva kabla hajaandika juu yake kwa kalamu idadi aliyoikataa, na dereva naye akasaini pembeni.

Nitoe mfano wa mzigo mmoja. LPO ilikuwa ya mifuko 600 kwa shilingi 14,000 kila mmoja bila VAT, jumla 8,400,000. Turubai la lori lilikuwa limepasuka upande wa nyuma. Mifuko 12 ya pale ilikuwa na unyevu, na ukiibonyeza kwa kidole unasikia mabonge yaliyokwisha kushika, tena hayavunjiki. Hati ya mapokezi ikaandikwa: iliyofika 600, iliyokubaliwa 588, iliyokataliwa 12, na hiyo 12 ikaingizwa kwenye stoo ya pembeni ambayo programu inalazimisha uitaje. Haichanganyiki na mali ya kuuza.

Siku iliyofuata ankara ikaja: mifuko 600 kwa 14,400, jumla 8,640,000. Tulichopaswa kulipa ni 588 mara 14,000, yaani 8,232,000. Tofauti ni 408,000. Ukiipasua, 235,200 ni nyongeza ya shilingi 400 kwenye mifuko mizuri, na 172,800 ni bei ya mifuko 12 tuliyoikataa. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, pengo linafika 481,440 kwa lori moja.

Mfumo uliikamata bei kwa sababu tumewasha `Maintain Same Rate Throughout the Purchase Cycle` na kuchagua izuie kabisa, si kuonya tu. Mhasibu alipoandika 14,400, hati ikakataa kupita. Upande wa idadi, kuna mpangilio wa kuangalia kwa makini sana: `Bill for Rejected Quantity in Purchase Invoice`. Ukiwa umewashwa, ankara inayotengenezwa kutoka kwenye mapokezi inabeba na mifuko iliyokataliwa. Sisi tumeuzima, kwa hiyo ilikuja na 588. Msambazaji aliletewa LPO, hati ya mapokezi na karatasi iliyosainiwa na dereva wake mwenyewe, akatoa hati ya kupunguza deni.

Lakini elewa nilichosema: mhasibu *alipoandika* 14,400. Ankara nayo inajijaza kutoka kwenye mapokezi, bei ileile ya LPO. Mhasibu akiikubali bila kuweka karatasi ya msambazaji mbele yake, programu itasema kila kitu kinalingana, na kweli kinalingana, maana imejilinganisha na yenyewe. Kisha siku ya malipo mtu analipa kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi, na tofauti inabaki kwenye akaunti ya msambazaji kama malipo ya ziada. Ukiona msambazaji ana bakaa ndogondogo ambazo hakuna anayezielewa, anza kutafuta hapo. Kwetu anayeagiza, anayepokea na anayeingiza ankara ni watu watatu, na kila mmoja anaandika namba kutoka kwenye chanzo chake.

Namba ya ankara ya msambazaji nayo iandikwe kila mara, na uwashe `Check Supplier Invoice Number Uniqueness`. Ankara ileile ikiletwa tena, ndani ya mwaka uleule wa fedha, inakataliwa.

Programu inapotuchosha ni kwenye nondo. Kiwandani zinauzwa kwa tani, sisi tunauza kwa pisi. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kama kilo 10.66, kwa hiyo tani moja ni karibu pisi 94. Unaweza kuweka uwiano huo kwenye bidhaa, lakini nondo nyembamba kidogo au fupi kidogo zinavuruga hesabu: pisi zinatimia na uzito haujatimia, au kinyume chake. Hakuna mpangilio wa kompyuta utakaotibu hilo. Tuliamua kuagiza kwa pisi na kukubaliana bei kwa pisi, ili LPO, mapokezi na ankara vitumie kipimo kimoja, na pisi chache tunazipima kwenye mizani kabla lori halijaondoka.

Mwisho wa mwezi naangalia akaunti ya `Stock Received But Not Billed`. Kiasi kilichomo kinapaswa kuwa ni mizigo iliyofika ambayo ankara zake hazijaja, na niweze kuitaja mmoja mmoja. Mwezi uliopita palikuwa na lori moja la mabati lililopokelewa wiki mbili nyuma. Nikampigia msambazaji, akaituma ankara jioni ileile.