Mashine ya ngoma kwa sauti ya roki ya miaka ya 80: kabla hujalipa, geuza uone mgongo

Malalamiko ninayoletewa kuhusu mashine za ngoma yamekuwa kama yameandikwa na mtu mmoja. Mtu kanunua boksi, kaambiwa lina sauti zote za miaka ya 80, kafika nyumbani kapiga snea, inalia "ta" na kunyamaza. Ule mlipuko anaoujua kwenye nyimbo haupo. Anaongeza rivebu, kiki nayo inaanza kuvuma, haihati zinapiga kelele kama mvua juu ya bati. Kisha ananiuliza, "Dada, nimeuziwa feki?"

Hukuuziwa feki. Snea ya mashine za zamani ndivyo ilivyokuwa inalia, kavu. Mlipuko ulitengenezwa nje ya mashine, na ili uutengeneze unahitaji kitu ambacho karibu hakuna mwongozo unaokitaja: snea iwe na tundu lake la kutokea, peke yake. Ndiyo maana leo sitagusa idadi ya vitufe, uzito, wala rangi za taa. Hayo yamejaa kila mahali.

Sauti yenyewe, inayoitwa snea ya geti, ilianzia London mwaka 1979, katika studio ya Townhouse, wakati Peter Gabriel akirekodi albamu yake ya tatu. Steve Lillywhite alikuwa prodyuza, Hugh Padgham fundi mitambo, na Phil Collins ndiye aliyekaa kwenye dramu. Mikisa ya SSL iliyokuwa pale ilikuwa na maiki ya ziada iliyowekwa chumbani ili mafundi wamsikie mwanamuziki akisema jambo kutoka kona yoyote. Kwa kuwa msemaji anaweza kuwa mbali au karibu, maiki hiyo ilipitia kompresa kali mno inayovuta sauti ndogo juu na kuikandamiza kubwa. Collins akiwa anapiga, maiki ikafunguliwa. Chumba chote kikaja juu, kikubwa kuliko dramu zenyewe. Wakaongeza geti, yaani kifaa kinachoruhusu sauti ipite kwa muda kisha kinaifunga ghafla. Ukisikiliza "Intruder", wimbo unaofungua albamu hiyo iliyotoka 1980, hicho ndicho unachosikia: chumba kikubwa kinachofumuka kila pigo, halafu kimya kana kwamba mtu kafunga mlango.

Gabriel hakutaka matoazi kwenye albamu ile. Hilo si jambo dogo. Toazi hulia muda mrefu, na maiki ile ingelibeba pamoja na dramu, kila geti likifunguka lingemwaga mvumo wa toazi. Bila matoazi, snea ilipata nafasi safi. Mashine zikapata faida hiyo hiyo kwa sababu nyingine kabisa. Mashine ya Roger Linn ya LM-1, iliyotoka 1980 ikiwa na sauti za dramu halisi zilizorekodiwa, haikuwa na matoazi makubwa kwa vile sauti ndefu zilihitaji chipu nyingi za kumbukumbu na chipu zilikuwa ghali. LinnDrum ya 1982 ndiyo iliyoyaongeza. Lakini hata hapo kila sauti ilikuwa na tundu lake mgongoni, hivyo fundi aliichukua snea peke yake akaipeleka kwenye rivebu, kiki na haihati zikabaki kavu. Umeona tunarudi wapi? Mgongoni.

Sasa orodha yangu. Ya kwanza ni Roland TR-8S, wala sifichi kwamba naipendelea. Ina matundu sita unayoyapangia mwenyewe sauti gani itokee wapi, na inapokea sampo zako, yaani sauti zilizorekodiwa, kutoka kwenye kadi ya SD. Sauti ilizotoka nazo zinaegemea mashine za zamani za Roland, 808, 909 na ndugu zao, ambazo kwa roki ya miaka ile si chaguo langu la kwanza. Unaweka sampo za LinnDrum, unaipa snea tundu la kwanza, biashara imeisha.

Ya pili ni LM DRUM ya Behringer, ambayo imeiga umbo na sauti za mashine za Linn moja kwa moja na ina matundu tofauti kwa sauti zake. Kwa mtu anayetaka snea ile ile bila kuhangaika na kadi, ni njia fupi. Nimeiweka ya pili kwa sababu TR-8S itakufaa hata siku ukichoka na miaka ya 80, na utachoka.

Ya tatu ni kompyuta uliyonayo pamoja na sampo. Haina raha ya kugusa vitufe, lakini kila sauti inapata njia yake bila waya hata mmoja.

Vile viboksi vidogo vya bei nafuu vyenye tundu moja tu la hedfoni, kama Volca Beats, nunua kwa kuchezea. Kwa kazi hii, hapana.

Upande wa rivebu nina upendeleo mkubwa zaidi. Kampuni ya AMS ya Burnley, Uingereza, ilitoa RMX16 mwanzoni mwa miaka ya 80, nayo ilikuwa na programu iitwayo NonLin2. Badala ya fundi kuhitaji chumba cha mawe, maiki, kompresa na geti, alibonyeza programu moja tu: mkia wa rivebu unasimama wima kisha unakatika. Leo inapatikana kama plagini ya Universal Audio, na AMS Neve wenyewe wanaitengeneza kama moduli ya kuchomeka kwenye fremu ya 500. Moduli ni pesa ya laptop nzuri. Plagini inatosha. Ukishindwa hiyo, ValhallaVintageVerb ya dola 50 ina modi ya Nonlin inayokaribia sana. Yamaha SPX90 ya mtumba nayo ina programu za geti, ila nitaisema mwishoni kwa sababu ina mtego.

Ukiwa huna hela kabisa, jenga geti mwenyewe. Nitaonyesha kwa REAPER, programu ya kurekodi ya kompyuta. Snea iwe kwenye treki yake. Fungua treki ya pili, weka `ReaVerbate` na `Dry` ishushwe mpaka chini kabisa, `Room size` iwe kubwa. Baada yake weka `ReaComp` yenye uwiano wa 10 kwa 1 hivi, na `Threshold` ishushwe mpaka ibane, ili mkia usishuke taratibu bali usimame. Mwisho weka `ReaGate`. Snea itume kwenye treki hiyo mara mbili: mara ya kwanza chaneli 1/2 kwa ajili ya rivebu, mara ya pili chaneli 3/4. Kisha ndani ya `ReaGate`, pandisha `Threshold` mpaka kilele cha snea pekee ndicho kifungue geti, na kwenye `Detector input`, chagua `Auxiliary Input L+R`.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo wengi wanairuka. Geti lisipofunguliwa na snea kavu, litafunguliwa na rivebu yenyewe, na rivebu haina mwanzo mkali wala mwisho unaoeleweka. Utalisikia geti likitetemeka, linafunga, linafunguka tena, mkia unakatika vipande vipande.

Sasa muda. Gawanya 60,000 kwa mwendo wa wimbo, upate milisekunde za pigo moja. Wimbo wa mapigo 112 kwa dakika unakupa kama 536, na nusu ya pigo ni 268. Hapo katikati ndipo haihati inapoangukia. Weka `Hold` 240 na `Release` 20, geti litafungwa karibu na 260, haihati ikute nafasi safi. Chukua mpangilio huo huo upeleke kwenye wimbo wa mapigo 150: nusu ya pigo sasa ni 200, mkia unaifunika haihati na dramu zote zinakuwa tope. Upeleke kwenye wimbo wa 84, nusu ya pigo ni 357, unabaki na pengo la karibu sehemu ya kumi ya sekunde ambalo sikio linalisikia kama hitilafu. Kwa hiyo kifaa chochote ambacho urefu wa mkia wake hauguswi, kiache dukani.

Na je, hii sauti itaufanya wimbo wako usikike wa zamani? Ndiyo, kuliko kitu kingine chochote utakachoweka humo. Chumba cha kweli hufifia, na kwa kufifia huko sikio linajua kina ukubwa gani. Snea ya geti inaanza kama imepigwa ukumbini halafu inaisha kama imepigwa kabatini. Hakuna chumba cha hivyo duniani, kwa hiyo sikio halioni mahali, linaona mtambo. Na mitambo yenyewe ilikuwa michache: snea ya LinnDrum ilikuwa sampo ile ile kila pigo, kila studio, ikipitishwa kwenye programu ile ile ya AMS. Miaka ya 90 ilipoingia, roki ikarudi kwenye dramu kavu na vyumba vya kweli, sauti ikaachwa kwa pamoja na tarehe yake ikabaki imeganda.

Linganisha na 808. Nayo ni ya 1980, na Roland waliacha kuitengeneza miaka michache tu baadaye, lakini hip hop iliibeba na haikuiweka chini mpaka leo. Ndiyo maana ukisikia kiki ya 808 huwezi kutaja mwaka. Ukitaka kupunguza uzee wa snea ya geti, ishushe rivebu mpaka uihisi zaidi ya kuisikia, na tumia sampo mbili au tatu za snea kwa kupokezana.

Nirudi kwa SPX90, na kwa wauzaji, maana hawa wananikera. Nyingi za mtumba zinatoka Japani, na za soko la Japani zinataka volti 100. Ichomeke kwenye ukuta wetu bila transfoma, utaona moshi kabla ya kusikia rivebu. Maandishi ya volti yako nyuma. Betri ya kumbukumbu iko ndani na nyingi zimeshakufa, hivyo mipangilio uliyohifadhi inapotea ukizima. Muuzaji gani amewahi kukwambia hayo? Tangazo lina picha tano, zote za mbele, taa zimewashwa, na chini imeandikwa "bei njoo inboksi". Ukiuliza matundu anajibu "ina autiputi zote dada", ukifika unakuta ni tundu la hedfoni. Wengine wanapandisha bei kwa sababu boksi limeandikwa "vintage", wakati kitufe cha snea kimelegea na hakiitikii.

Omba picha ya mgongo yenye maandishi yanayosomeka. Ukiruhusiwa kuijaribu, nenda na waya wako, cheza biti, chomeka kwenye tundu la snea. Kwenye mashine nyingi snea inatoka kwenye mchanganyiko na kubaki peke yake kwenye waya huo. Kwenye TR-8S utapanga kwanza kwenye menyu. Ikiendelea kutoka pamoja na kiki, mrudishie boksi lake, na transfoma yake kama anayo.